Umenivunja mbavu? Wahi hospitali!

*Nimemachi na dada Mjerumani anajifunza Kiswahili. Alinisimulia alivyokimbizwa na punda pale gatini, nikamwandikia "umenivunja mbavu". Akaniomba msamaha, tangu hapo kimya. Nifanyeje? (Kijana wa Shela)*

Pole kakangu, ila na yeye mpe pole. Kuvunja anakujua kwa kuvunja glasi, mbavu kazisoma kwenye somo la viungo vya mwili, akijumlisha anapata kwamba amekuumiza. Leo leo mwandikie: "Siumwi! Nilicheka sana. Mtu akituchekesha tunasema ametuvunja mbavu."

Kuanzia sasa panga hivi: sentensi nyepesi itangulie, msemo ufuate. "Nimecheka sana, umenivunja mbavu 😂". Akifika kwenye mbavu ashajua unacheka, kwa hiyo msemo unamwingia wenyewe, lakini ukianza na mbavu afu ndo ueleze, mwenzio keshashtuka. Na maelezo yawe ya Kiswahili chepesi, ukimwekea Kijerumani pembeni atasoma Kijerumani na Kiswahili atakiruka. Msemo mmoja kwa meseji, basi. Mimi niliwahi kumpakulia mtu mitatu kwa mpigo, umenikata maini, nakufia, roho yangu, akaniuliza kama nina bima ya matibabu.

Utajua ameshika siku atakapokurudishia mwenyewe, wewe umechekesha yeye anaandika "mbavu zangu!" Akijibu "sawa" kavu na kidole gumba, hajaelewa huyo, muulize.

*Mwitaliano wangu kaniandikia "nakupenda" siku ya tatu tu ya kuchati. Nimwamini au ndo walewale? (Dada wa Malindi)*

Dadangu, kabla ya kumwamini au kumkataa, jua kwanza kasema lipi. Nakupenda yetu ni kapu kubwa, wali wa nazi unaupenda, shangazi unampenda, na huyo wa kukunyima usingizi pia unampenda. Kwao makapu ni tofauti. Ti amo ni ya wapenzi. Ti volyo bene (naiandika tunavyoisikia) anaambiwa mama, mtoto, rafiki, hata mpenzi, lakini peke yake haimaanishi mahaba. Tena kuna ile ya kuvutiwa tu na mtu, nayo akiitafuta kwa Kiswahili anaangukia nakupenda hiyohiyo.

Sisi wa Malindi wengi tuna Kitaliano cha kuombea maji, kitumie. Muulize, "Nakupenda yako ni ti amo au ti volyo bene?" Akijibu ya pili hajakudanganya wala hajakukataa. Na wewe kama hujafika huko usimrudishie nakupenda kwa adabu tu, mwambie "napenda kuongea na wewe", hiyo ina mpaka wake. Kitu kingine, volyo ni "nataka", kwa hiyo siku akijitafsiria mwenyewe anaweza kukuletea "nakutaka vizuri". Usimtukane! Kwetu nakutaka ina ukali wake, na yeye hana habari.

*Mzungu wangu ameandika "nitakupiga usiku". Nicheke au nimblok? (Bi Mdogo, Malindi)*

Cheka. Kasahau i moja tu, alitaka "nitakupigia". Usimfungulie darasa la sarufi, mjibu "Haya, nipigie saa tatu" na ile i ataiona mwenyewe. Ila hakikisha saa tatu yako na yake ni moja, mwambie sisi tunahesabu kuanzia jua likishazama.

*Mimi mtu wa Amu. Nilimwandikia mzungu wangu "ndoo laazizi", akanijibu "ndoo ya maji?" Niache Kiamu nimwandikie Kiswahili cha shule? (Wa Langoni)*

Usikiache, mpe ufunguo tu. Kamusi aliyonayo ni ya Kiswahili sanifu, na humo ndoo ni ya kuchotea. Mwambie "Lamu tunasema ndoo, shuleni utasoma njoo", afu mwongezee mbili za namna hiyo, ndia ni njia, nde ni nje, ataona mwenyewe nj inageuka nd. Baadaye mpe na mato, ambayo ni macho, siku ukimsifia mato yake asidhani ni ugonjwa.

Laazizi usiitafsiri. Ukimwambia ni "mpendwa" inakuwa kama barua ya ofisi. Mwambie ni jina unalomwita yeye tu, limetoka kwenye Kiarabu, kwa mtu wa thamani, na umtumie kwa sauti asikie unavyolivuta. Majina ya mapenzi yanashikwa kwa sikio. Lakini "mpenzi" mweleze mapema, maana akisikia redioni "wapenzi wasikilizaji" atakuuliza huyo mtangazaji ana wangapi. Na ukimwita "mamangu" kwa deko, mtangulizie onyo. Wa rafiki yangu mmoja alijibu, "Nina miaka 29, mimi si mama yako."