Mtoto anasinzia kwenye titi, nikimlaza anaamka

*Shangazi, shikamoo. Muuguzi wa kliniki ameniomba Jumatano niongee dakika kumi na kina mama wenzangu kuhusu kuwalaza watoto kwa upole. Naona aibu. Wangu ana miezi mitano, ananyonya mpaka asinzie, nikimlaza baada ya muda anaamka analia. Niseme nini?*
*Mama Kichanga, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Anza na huyohuyo wako, maana watoto wa wengi watakaokaa kwenye benchi la kliniki wanalala hivyohivyo. Waeleze kwanza kwa nini anaamka. Usingizi wa mtoto huja kwa mizunguko mifupi, kama dakika 50 hivi, na kila mzunguko ukiisha anazinduka kidogo. Aliyesinzia na titi mdomoni akizinduka hakuti titi wala joto lako, basi analia arudishiwe. Hajadeka, na si lazima awe na njaa.

Kwa hiyo sogeza kunyonya kuje mapema. Akianza kufikicha macho au kukwepa kukutazama, usingoje alie, kwa sababu aliyechoka kupita kiasi ndiye mgumu kulala. Punguza mwanga, zima redio. Mpanguse kwa maji ya vuguvugu, mpake mafuta, mbadilishe nepi, kisha umnyonyeshe ukiwa umekaa. Tazama ngumi yake: akishiba, vidole vinafunguka vyenyewe na kunyonya kunalegea. Hapo mtoe kabla macho hayajafumba, mcheulishe, mwimbie wimbo uleule wa kila siku, umlaze chali macho yakiwa mazito lakini bado wazi. Weka kiganja kifuani pake mpaka atulie. Akilia, mbebe, akinyamaza mrudishe.

Mjukuu wangu usiku wa kwanza alibebwa mara saba. Ilichukua karibu wiki mbili, mpangilio ukiwa uleule kila jioni, ndipo akaanza kuzinduka na kujirudisha mwenyewe.

Wenye watoto chini ya miezi mitatu waambie wasihangaike na hili. Hao bado hawajajua usiku ni upi, wanyonyeshwe kila wanapotaka. Hata wako kuamka mara moja au mbili kunyonya usiku ni kawaida, usimnyime.

Kuna jambo moja naomba ulitamke kwa sauti: piritoni au dawa ya kikohozi isitumike kumlaza mtoto. Nimeona kina mama wema kabisa wakiitoa kwa uchovu tu, na dawa hizo zinaweza kumfanya mtoto mchanga ashindwe kupumua vizuri. Asilazwe kifudifudi wala juu ya mto, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Mtoto aliyekuwa analala vizuri akaanza kulia ovyo, ana joto au anakataa titi, huyo apelekwe kwa muuguzi usiku huohuo.

Nenda na khanga uliyoiviringisha kama mtoto, uwaonyeshe ule mkono wa kifuani. Wakijaribu wenyewe watauliza maswali yao.