"Operesheni ni ya mara kwa mara": nani ana kosa, na je, nibofye tena?

*Swali: Naagiza bidhaa China kupitia tovuti zao. Mara nyingine ukurasa unagoma na kuleta maandishi ya Kichina. Nikiyatafsiri kwa simu napata "Operesheni ni ya mara kwa mara, tafadhali jaribu tena baadaye" au "Mfumo una shughuli". Maana yake hasa ni nini? Nibofye tena au nisubiri? Na wenzangu ninaoagiza nao niwaandikieje kwa Kiswahili kinachoeleweka?*

Sentensi ya kwanza, kwa asili, ni hii:

```
操作过于频繁，请稍后再试
```

Maana yake: "Umefanya hivi mara nyingi mno kwa muda mfupi. Jaribu tena baadaye." Simu imepotoka katika mambo mawili. Kwanza, imeacha uzito wa 过于, yaani "mno", "kupita kiasi". "Mara kwa mara" kwa Kiswahili si kosa. Mtu huenda sokoni mara kwa mara na hakuna wa kumlaumu. Sentensi hii inalalamika kwamba kipimo kimevukwa.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, sentensi ya Kichina haikutaja mtendaji. Kichina kinaruhusu hivyo. Kiswahili hakikwepi hilo kirahisi, kwa sababu kitenzi chetu kwa kawaida hubeba kiambishi cha mtendaji: *u*mebofya, *i*melemewa, *tu*nafanya matengenezo. Mfasiri asiyejua mtendaji ni nani hukimbilia nomino, ndipo inapozaliwa "operesheni ni ya mara kwa mara", sentensi isiyokuambia kama tatizo ni lako au ni la seva. Na uamuzi wa kubofya au kusubiri unategemea jambo hilo hilo.

Sentensi ya pili kwa kawaida huandikwa hivi:

```
系统繁忙，请稍后再试
```

Hapa mtendaji ni mfumo: "Seva imelemewa, jaribu tena baadaye." Linganisha 频繁 na 繁忙. Alama 繁 imo katika zote mbili, na ndiyo inayowachanganya watu wanaokariri kwa macho. Itazame jirani yake. Ikitanguliwa na 频, linalosemwa ni wingi wa vitendo, yaani wewe. Ikifuatwa na 忙, "kuwa na shughuli", linalosemwa ni mfumo.

Sasa suala la kubofya. Ukiona 频繁, acha kabisa. Tovuti inahesabu maombi yanayotoka kwako ndani ya kipindi fulani, na katika mifumo mingi hata ombi lililokataliwa linaingia kwenye hesabu. Kila unapopakia upya ukurasa, unairefusha adhabu mwenyewe. Funga vichupo vya ziada vya tovuti hiyo, ukae dakika kadhaa, kisha ujaribu mara moja tu. Ikikataa tena, ongeza muda wa kusubiri badala ya kuongeza idadi ya majaribio.

Inawezekana pia ukakutana na onyo hilo hali umebofya mara moja tu. Tovuti nyingi huhesabu kwa anwani ya intaneti, na watu wote wanaotumia Wi-Fi moja ya ofisini huonekana nje kama anwani moja. Kampuni za simu nazo huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Njia ya kupima ni kuhama kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu. Onyo likitoweka, huenda hesabu ilikuwa ya anwani. Likibaki, huenda ni ya akaunti yako, na hapo dawa ni muda tu.

Ukiona 繁忙, kujaribu tena kunaruhusiwa, ila kwa kuachia nafasi: baada ya sekunde 10, kisha 20, kisha 40, ukiongeza mara mbili kila unapokataliwa. Maelfu ya watu wakibofya kwa pamoja, seva iliyolemewa haipati nafasi ya kupumua. Lakini jihadhari na jambo moja. Waandishi wa programu hulitumia 系统繁忙 pia kama kifuniko cha hitilafu wasiyotaka kuieleza. Ukilipata kwa saa nzima kwenye hatua ile ile, na mwenzako anapita bila shida, usilaumu seva. Kagua ulichojaza: anwani, namba ya simu, idadi ya bidhaa.

Anayetumia kompyuta anaweza kuthibitisha. Kwenye kivinjari kama Chrome, bonyeza F12, fungua kichupo cha Network, pakia ukurasa upya mara moja, utazame namba ya jibu. 429 ni maombi kupita kiasi. 503 ni seva isiyopatikana kwa sasa, iwe imelemewa au iko kwenye matengenezo. Ukibofya ombi hilo, chini ya Headers pengine utakuta na mstari huu:

```
Retry-After: 120
```

Hizo ni sekunde, kwa hiyo subiri dakika mbili. Ukiwepo, uufuate kuliko kanuni yoyote ya kubuni. Baadhi ya tovuti hurudisha 200, kana kwamba mambo ni shwari, na kuweka onyo ndani ya ukurasa. Hapo rudi kwenye maneno yenyewe.

Matengenezo hujulikana kwa 维护:

```
系统维护中，预计12日06:00恢复
```

"Mfumo unafanyiwa matengenezo; unatarajiwa kurudi tarehe 12 saa 06:00." Kubofya hakusaidii kitu kabla ya muda huo. Ila saa hiyo ni ya Beijing, iliyo mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa 5, na mbele ya Lubumbashi, Kigali na Bujumbura kwa saa 6. Kwa aliye Dar ni 01:00, yaani saa saba usiku wa kuamkia tarehe 12. Usimwandikie mtu "saa sita" kwa kuitazama 06:00. Atasubiri mchana bure.

Kuna jozi nyingine inayofanana kwa sauti na karibu kwa sura: 请稍候 na 请稍后再试. Ya kwanza ni "subiri kidogo", kazi bado inaendelea, usiguse kitu. Ya pili ni "jaribu tena baadaye", jaribio limeshindikana. Wachina wenyewe huzichanganya wakati mwingine, kwa hiyo tafuta 再试, "jaribu tena". Kama haipo, tulia.

Kwenye malipo utulivu huo ni wa lazima. Ukiona 请勿重复提交, 勿 ni katazo, "usi-": "Usiwasilishe tena." Ombi la kwanza huenda limeshapokelewa, na la pili laweza kuzaa oda ya pili. Hata bila katazo hilo, ukurasa ukigoma baada ya kubonyeza kitufe cha kulipa, usirudie. Fungua 我的订单, "oda zangu". Ikiandikwa 待付款, oda inasubiri malipo. Kagua kwanza kama fedha zimekatwa kwenye akaunti yako, na kama hazijakatwa unaweza kulipa. Ikiandikwa 待发货, imeshalipwa na inasubiri kutumwa.

Kwa wenzako, taja mtendaji, kisha kitendo, kisha muda:

"Umebofya mara nyingi mno. Usiguse kwa dakika 10, kisha jaribu mara moja."

"Seva yao imelemewa. Jaribu tena baada ya sekunde chache, ukiongeza muda kila inapokataa."

"Tovuti inafanyiwa matengenezo hadi saa saba usiku, saa za Dar. Usijaribu kabla."

"Malipo yanashughulikiwa. Usilipe tena, angalia kwanza oda zako."