Kushika Jina huku unasukuma chapati: kwa anayeanza seva ya langar

Mtu akija mara ya kwanza kufanya seva, yaani huduma ya kujitolea, jikoni kwenye gurudwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga, iwe Amritsar kwenyewe kule India au Makindu kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, huambiwa mambo mawili: vua viatu ufunike kichwa, na utaje Waheguru, Jina la Mungu, wakati unafanya kazi. La kwanza halina shida. La pili huachwa bila maelezo, na wengi hulitaja Jina dakika tano za mwanzo, kisha soga za jikoni zinawachukua mpaka zamu inaisha. Tunaandika kwa ajili ya hao, na tutashikilia kazi moja tu, yaani kupika chapati za langar, mlo wa bure wa gurudwara, kwa sababu ndiko Jina linakofundishika upesi zaidi.

Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hiyo, aliwaachia Makalasinga nguzo tatu: kula jasho lako, kulikumbuka Jina la Mungu, na kugawana ulichonacho. Jikoni zote tatu hukutana. Unga umenunuliwa kwa fedha za watu waliozichuma kwa kazi, mkono unafanya kazi, na chakula kinakwenda kwa yeyote atakayeketi sakafuni, wa dini yoyote, bila kulipa. Kumbukumbu ya mazoea haya imo ndani ya Guru Granth Sahib yenyewe, kitabu chao kitakatifu. Namdev, aliyekuwa mtu wa kazi ya vitambaa, anaulizwa na rafiki yake Trilochan mbona anashughulika na kupiga chapa nguo badala ya kumwelekea Mungu. Namdev anamjibu kwamba mdomo ulitaje Jina, mikono na miguu ifanye kazi yake yote, na moyo ukae kwa Mungu. Mahali pengine anataja wasichana wanaorudi na maji kisimani: wanacheka, wanapiga soga, lakini akili haijautoka mtungi ulioko kichwani. Shika mfano huo, tutaurudia.

Kabla ya jikoni kuna alfajiri. Anayetaka Jina limkae kazini aamke mapema kabla ya jua, aoge, kisha aketi dakika 15 au 20 akilitaja polepole: “Wahe” pumzi ikiingia, “guru” pumzi ikitoka. Kwa sauti kwanza, kwa mnong’ono baadaye, mwisho kwa pumzi peke yake. Anayeruka hatua hii na kutegemea jikoni pekee huchoka haraka, kwa kuwa jikoni ni mahali pa kulitumia Jina ulilokwisha kulizoea. Si mahali pa kulianza. Tasbihi huisaidia alfajiri hiyo, lakini jikoni iache, mikono ina kazi.

Sasa tuchukue zamu ya watu 100. Kila mmoja mhesabie chapati 3, jumla 300. Ni chapati kavu za unga wa ata, zinazopikwa juu ya chuma bila mafuta na kupakwa samli kidogo zikishaiva. Donge la gramu 50 linatosha chapati moja, na kilo moja ya unga ikikandwa kwa maji yasiyozidi sana nusu lita na robo ya nusu hutoa madonge kama 32. Kwa hiyo pima kilo 9 na nusu za unga na lita 6 za maji, ukiyatia kidogo kidogo. Kanda, funika kwa kitambaa chenye unyevu, acha nusu saa unga ulegee.

Kukanda ndiyo kazi nzuri kuliko zote ya kuanzia. Mwili unakwenda mbele na kurudi, na Jina linakaa humo bila kulazimishwa: ukisukuma unga kwa viganja ni “Wahe”, ukiuvuta kurudi ni “guru”. Taja kwa sauti unayoisikia wewe, jirani asiisikie. Ukifika kwenye kusukuma chapati kwenye kibao, endelea vivyo hivyo, mti wa kusukumia ukienda “Wahe”, ukirudi “guru”, na kila robo mzunguko geuza duara. Kuna faida ya jikoni pia hapa. Mwendo ukiwa sawa, unene unakuwa sawa, na chapati yenye unene sawa hufura yote. Iliyo nene upande mmoja hupasuka upande mwembamba, hewa ikatoka, ikabaki ngumu.

Kosa la kwanza linatokea baada ya chapati kama thelathini. Mdomo unaendelea na Waheguru, lakini akili iko kwenye ada ya shule au kwenye maneno ya jana. Utajuaje? Jina limeanza kukimbia. Linatajwa haraka kuliko mti unavyokwenda, na herufi zinamezana. Watu wengi hapo hukaza akili na kujilaumu, na kujilaumu kwenyewe kunakuwa wazo jingine la kufuata. Dawa yake ni sikio. Punguza sauti mpaka uwe huna budi kutega sikio ili ujisikie, kisha sikiliza neno zima, mwanzo wake na mwisho wake. Katika Japji, sala ya alfajiri, Guru Nanak ametenga beti nne nzima kwa ajili ya kusikiliza tu. Mdomo unaweza kwenda peke yake, sikio haliwezi kusikiliza bila wewe kuwepo.

Kosa la pili ni kinyume chake, na huwapata wenye bidii. Mtu anafumba akili isione kazi ili abaki na Jina, na chapati zinaungua. Ule mtungi wa Namdev ni wa kukumbuka hapa: wasichana hawaachi kuona njia, wala hawaachi kuzungumza. Ukihamia kwenye chuma cha moto, macho ni ya chapati. Upande wa kwanza usubiri vipele vidogo, geuza, upande wa pili mpaka madoa ya kahawia, kisha igusishe moto ifure. Jina lishuke kutoka mdomoni liwe kwenye pumzi. Vivyo hivyo ukishika kisu au ukibeba sufuria ya dengu inayochemka. Na kazi inayotumia maneno au hesabu, kama kupima chumvi, haiendi pamoja na kutaja neno jingine. Taja Jina, nyamaza upime, maliza, taja tena. Asiyefanya hivyo hutia chumvi mara mbili.

Hilo la chumvi si dogo, kwa sababu chakula cha langar hakionjwi kikiwa jikoni. Kwanza huombewa dua, na sehemu yake huguswa kwa kirpani, kisu kitakatifu cha Makalasinga, ndipo kiliwe. Anayeonja amejitangulizia. Basi chumvi hupimwa: sufuria ya dengu iliyotoka kwenye kilo 6 za dengu kavu, ikifika karibu kilo 28 pamoja na maji, inataka robo kilo na kidogo. Kupika kitu usichojua ladha yake, kwa mtu usiyemjua, ni mafunzo ya kutotaka malipo yaliyofichwa ndani ya utaratibu wa kawaida wa jiko, na sisi tunaona ni mazuri kuliko hotuba nyingi.

Malipo hayo ndiyo sehemu ngumu. Hakuna anayekuja langar akidai fedha. Tunachodai ni kuonekana. Dalili zake ni nyepesi kuzitambua ukiwa mkweli: unataka kibao kilekile kila Jumapili na unakasirika ukikuta mtu amekitwaa, unahesabu nani amechelewa, unasikia baridi moyoni kwa kuwa aliyekula ameondoka bila kukutazama. Katika Sukhmani, sala ndefu aliyoitunga, Guru Arjan anasema anayehudumu bila kutamani kitu ndiye anayempata Bwana. Kwa hiyo ukiziona dalili hizo, usiache seva. Omba kuhamishwa. Nenda kwenye kuosha sahani, au kwenye kupanga viatu vya waumini mlangoni, ambako hakuna anayekupongeza. Na hata huko usikae sana, maana mtu huweza kuanza kujivunia viatu. Anayepokea kazi yoyote aliyopewa na kuiacha akiambiwa aiache, huyo amepiga hatua kuliko aliyechagua kazi ya chini kwa hiari yake.

Ukipewa kugawa, Jina linapewa sauti tena. Watu wameketi kwa safu sakafuni, tajiri na maskini kimo kimoja, na mgawaji hupita ameinama akiita: “Parshada, Waheguru!” Parshada ndiyo chapati. Anayepokea hunyoosha viganja viwili, nawe unaiweka humo taratibu, huitupi kwenye sahani. Usimtazame kwa kumkagua, usimuulize kama ana kazi, na akitaka ya nne mpe. Asiyetaka tena hufunika sahani kwa mkono, basi mpite.

Hapo ndipo Jina na huduma vinapokuwa kitu kimoja, na kisa ambacho kila mgawaji anafundishwa ni cha Bhai Kanhaiya. Katika vita vya Anandpur, mwanzoni mwa miaka ya 1700, alibeba kiriba akiwanywesha majeruhi wa pande zote mbili. Akashtakiwa kwa Guru Gobind Singh, kiongozi wa Makalasinga wakati huo, kwamba anawaamsha maadui. Alipoulizwa, akajibu kwamba hakuona adui wala rafiki, aliuona uso wa Guru kwa kila mmoja. Guru hakumkanya. Alimpa dawa ya vidonda akawafunge na majeraha. Ukijikuta unampa mmoja chapati iliyofura na mwingine iliyoungua kwa sababu ya mavazi yake, ujue Jina limebaki mdomoni.

Kuna mpaka mmoja wa kuheshimu. Seva haichukui nafasi ya kazi ya kujipatia riziki wala ya nyumba. Anayeshinda gurudwara huku watoto wake wanamngoja ameikata ile nguzo ya kwanza. Kwa wengi zamu moja kwa wiki inatosha, na siku nyingine Jina liende dukani au gereji. Huko chagua kitendo kimoja kinachojirudia, kama kukaza nati au kufungua droo ya fedha, ulifunge Jina hapo peke yake kwa mwezi mzima kabla ya kuongeza cha pili. Mteja akija, nyamaza umsikilize. Akiondoka, endelea.