Kuandika sura ya kitabu kwa sauti: alama za uandishi na usafishaji

Swali: Ninaandika sura ya riwaya kwa kusema, katika Google Docs, kwa Kiswahili. Kila nikitamka "nukta", linaandikwa neno "nukta" badala ya alama yenyewe. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, amri za kutamka alama katika programu hiyo hufanya kazi kwa lugha chache, kama Kiingereza na Kifaransa. Usibadili lugha ya maikrofoni kuwa Kiingereza, kwa sababu utapata alama na kupoteza maneno. Acha jina la alama liandikwe kama neno, kisha uligeuze baadaye kwa mkupuo mmoja.

Jina hilo lisiwe neno linaloweza kujitokeza katika hadithi. Ukitamka "mkato" peke yake, mhusika wako atakapopita njia ya mkato utabaki na "njia ya,". Tamka "alama mkato", "alama nukta", "alama ulizo" na "aya mpya". Tuchukue mfano huu:

```
mzee hana deni alama mkato alisema karani alama nukta aya mpya wote wakanyamaza alama nukta
```

Hifadhi nakala ghafi, kisha ufungue nakala nyingine katika LibreOffice Writer na ubonyeze Ctrl+H. Tafuta " alama nukta", ukianza na nafasi ili isibaki mbele ya alama, uweke "." mahali pake, fanya vivyo hivyo kwa alama nyingine. Kwa " aya mpya ", yenye nafasi pande zote mbili, washa Regular expressions na uweke `\n`. Kwa herufi kubwa, washa pia Match case, tafuta mpangilio ufuatao kwa Find All, kisha uchague Format, Text, UPPERCASE:

```
^[a-z]|[.?] [a-z]
```

Majina ya watu na mahali yaliyobaki na herufi ndogo utayarekebisha kwa mkono. Halafu tafuta neno "alama" peke yake, kwani pale programu iliposikia "alama mkate" ubadilishaji haukugusa kitu.

Kazi nzito ni usomaji unaofuata, na hapa kikagua tahajia hakitakusaidia, kwa kuwa makosa mabaya zaidi ni maneno yaliyoandikwa sawasawa. Sauti ya "h" mwanzoni mwa neno humezwa kwa urahisi: "hana" huwa "ana", "hatakuja" huwa "atakuja", na yule mzee asiye na deni anageuka mdaiwa bila sentensi kuonyesha kasoro yoyote. Kwa hiyo unaposema, rekodi sauti yako kwa simu nyingine, kisha usome sura ukiisikiliza, ukisimama kwenye kila kitenzi chenye "ana" au "ata" ambacho maana yake ikikanushwa hadithi hubadilika. Fanya hivyo ungali unakumbuka ulichokusudia, kabla hujaanza kupamba lugha, maana ukishazibadilisha sentensi, rekodi haitalingana tena na maandishi.