Amefufuka, au kumbe hakufa?

Swali: Binti yangu huandika muhtasari wa tamthilia za televisheni. Mtu akishazikwa, miezi sita baadaye akabisha hodi, binti anaandika “amefufuka”. Mimi naona neno hilo halikai sawa. Tuseme nini? Na kwa nini watunzi wanaachiwa kufanya mchezo huu kila mara?

Jibu: Sikio lako halikudanganyi. Kufufuka kunahitaji mfu. Neno lenyewe limebeba “fu” ile ya mfu na wafu, na kufufua kuna mwisho wa kutendua, kama kufunga na kufungua: kifo kilikuwepo, kisha kikatenduliwa. Katika tamthilia hizi mara nyingi kifo hakikuwepo. Kilichokuwepo ni habari ya kifo.

Mtazame Harold Bishop wa Neighbours, tamthilia ya Australia. Mwaka 1991 alipotea kwenye miamba ya baharini alipokuwa na mkewe, Madge, na kilichopatikana ni miwani yake tu. Mwaka 1996 akaonekana tena yumo katika Jeshi la Wokovu, kumbukumbu zimemtoka, anaitwa Ted. Sasa jiulize: nani alisema Harold amekufa? Walisema majirani na mkewe. Hadithi yenyewe haikusema. Ilituonyesha miwani, tukajazia wenyewe. Huo ndio mwanya ambao watunzi huuacha kwa makusudi, na watazamaji wazoefu wanaujua: maji, moto au ndege iliyoanguka, bila maiti iliyoonekana usoni, ni mlango ulioegeshwa tu. Kwa hiyo binti aandike “aliyedhaniwa amekufa ameibuka”, au atumie neno ambalo lugha yetu imejaliwa nalo: kumbe. “Kumbe Harold yu hai.” Kumbe haibadilishi kilichotokea, inabadilisha tulichokiamini, na kazi hiyo ndiyo inayofanyika hapa. Neno “marehemu” nalo alikwepe mpaka maiti ionekane, na hata hapo asiape.

Mlango huegeshwa kwa sababu tamthilia za namna hii hazina mwisho uliopangwa. Zinakwenda miaka na miaka, mwigizaji anaondoka, mkataba mwingine unamrudisha, na hadithi lazima imeze yote mawili. Telenovela ni jambo jingine. Hiyo ina mwisho, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo anayerudi humo mara nyingi alipangiwa kurudi tangu mwanzo, na kurudi kwake ndiko hadithi yenyewe. Katika Roque Santeiro ya Brazil, iliyorushwa 1985 baada ya kuzuiwa na serikali ya kijeshi mwaka 1975, mji mzima unaishi kwa biashara ya jina la Roque, mtu anayeaminika kuwa alikufa akiutetea, akafanywa kama mtakatifu. Anaporudi mzima, wakubwa wa mji wanahangaika kumficha. Yupo hata “mjane” wake, Porcina, ambaye hakuwahi kuwa mkewe. Kiswahili kinamlazimu mwandishi achague upande: ukiandika “mjane wa Roque” bila alama za kunukuu, umeingia kwenye njama ya wakubwa wale.

Lakini kuna tukio linaloonekana kukataa haya yote. Katika Dallas, tamthilia ya Marekani, Mei 1985, Bobby Ewing aligongwa na gari, akafa hospitalini mbele ya ndugu zake na mbele ya macho yetu. Hapakuwa na miwani ya kutuzuga. Mwigizaji wake, Patrick Duffy, alikuwa ameomba kuondoka. Mwaka mmoja baadaye akakubali kurudi, na mlango haukuwa umeegeshwa, ulikuwa umepigwa misumari. Watunzi wakavunja ukuta: Pam, aliyekuwa mke wa Bobby, anaamka, anamkuta Bobby bafuni anaoga, na msimu mzima uliopita unageuka kuwa ndoto yake. Hata hapa Bobby hakufufuka, kwa kuwa kifo chake kiliotwa. Ila aliyemfufua yupo! “Watunzi walimfufua Bobby” ni sentensi safi kabisa, kwa sababu mtendaji wake yuko nje ya hadithi, anashika kalamu. Ndani ya hadithi, Bobby hakufa; mezani pa watunzi, alikufa kweli, kisha akafufuliwa. Binti akimtaja mtendaji, kufufua na kufufuliwa ni vyake. Asipomtaja, abaki na kumbe.

Nami nilidhani kanuni hiyo inatosha mpaka nilipokumbuka Knots Landing, tamthilia iliyochipuka kutoka Dallas. Huko Gary, kaka yake Bobby, alikuwa amemwombolezea ndugu yake, na ndoto ya Pam haikuvuka kwenda kwao. Ukiandika muhtasari wa Knots Landing, “Bobby alikufa” inabaki kama ilivyo.