Ndama huyu tumwiteje? Maswali na majibu

Nimepata ndama jike wa Ankole, mwekundu wa kukolea. Babu jirani anasema jina lake tayari ni Bihogo, mimi nilitaka Neema. Nani mwenye haki?

Babu amefuata desturi. Kwa wafugaji wa Nkore na Rwanda, rangi ndiyo inayotangulia: mwekundu wa kukolea ni Bihogo, wa kahawia isiyokolea ni Gaju. Mchungaji akisema Gaju hajarudi, hata asiyemjua anajua amtafute ng'ombe wa namna gani. Kasoro ni kwamba zizi moja laweza kuwa na akina Bihogo watatu. Hapo ongeza jina la mama: kama mama yake ni Gaju, huyu ni Bihogo wa Gaju. Kwenye daftari andika jina hilo, namba ya hereni, tarehe ya kuzaliwa na dume aliyempanda mama, maana miaka miwili ijayo hutataka apandwe na baba yake. Neema mwite ukiwa naye. Ng'ombe hujifunza sauti inayoambatana na pumba, si maana yake.

Nimesikia ng'ombe mwenye jina hutoa maziwa mengi. Nibadilishe namba ziwe majina?

Habari hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, mwaka 2009. Watafiti waliwauliza wafugaji 516, wakakuta mashamba yanayoita ng'ombe kwa majina yanapata lita 258 zaidi kwa kila ng'ombe kwa mwaka. Ila jina halikamui. Anayemwita ng'ombe wake Riziki mara nyingi ndiye huyo huyo anayemshika taratibu na kuona mapema kwamba leo hajala, na ng'ombe mwenye hofu huzuia maziwa. Ukibandika majina huku fimbo ikiendelea, ndoo itabaki pale pale. Namba za hereni usizitoe.

Na kuku?

Jogoo sawa. Wa kuchinja waache bila majina, hasa kama una watoto nyumbani.

Jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba amenunua mbwa, kamwita Mwizihachoki. Kila jioni anamwita kwa sauti ya juu. Nifanye nini?

Ujumbe umekufikia, ndiyo kazi yake. Washona wa Zimbabwe wanajulikana sana kwa hili: mwenye kinyongo hukitia kwenye jina la mbwa, na ukimuuliza atasema namwita mbwa wangu tu. Ukinunua wako umwite Mnafiki, mtakuwa mnagombana kupitia mbwa mpaka wazeeke. Mpeleke jirani kwa balozi mkazungumzie mpaka wenyewe.

Ukipata mbwa kwa sababu nyingine, chagua silabi mbili, tena lisifanane na amri. Ukimwita Kaya halafu unamwambia "kaa", hatajua kama anaitwa au anaambiwa atulie.