Martini niliyoing'arisha mpaka ikakosa mnunuzi

Nilikuwa fundi wa silaha jeshini kwa miaka mingi, na huko tulifundishwa jambo moja: bunduki chafu ni kosa. Kwa hiyo jirani yangu mzee hapa Bombo, Uganda, aliponiletea bunduki ya Martini-Henry ya babu yake, yenye kibali chake, akaniambia, "Afande, kuna mtu wa Nairobi anaitaka, nitengenezee ipendeze," niliona kazi nyepesi.

Ilikuwa na rangi ya kahawia mtutu mzima, na kitako cheusi kwa jasho na moshi. Ubavuni kulia, taji na herufi V.R. za Malkia Victoria, neno Enfield, yaani kiwanda kilichoiunda, mwaka 1878 na tarakimu ya toleo la pili vilisomeka vizuri. Nikapitisha brashi ya waya kwenye mashine, nikafuata na msasa, nikaitia dawa ya kuipa chuma weusi. Kitako nikakikwangua na kukipaka vanishi. Mzee alifurahi mno. Mnunuzi alipofika aliigeuza mara mbili tu, akataja bei iliyokuwa kama thuluthi ya ile aliyoitaja kwenye simu.

Niliudhika, lakini nikamwomba anionyeshe kosa. Alianza na herufi. Chapa ya kiwandani hugongwa kwenye chuma, kingo zake huwa kali. Msasa ulikuwa umeishusha chuma kuzizunguka, kwa hiyo ile V ilikuwa imebaki kama mchoro wa kidole kwenye vumbi. Kisha akaelekeza tochi kando ya mtutu: chini ya weusi mpya kulionekana vishimo vya kutu ya zamani. Weusi wa kiwandani huwekwa juu ya chuma laini, kisha kutu ndiyo inayoula. Ukiona weusi umeingia hadi ndani ya kishimo, jua umekuja baada ya kutu. Vilevile nilikuwa nimezizungusha kona za chuma, na matundu ya skrubu yalikuwa yamefunguka kama visahani.

Kitako ndicho kilichoniuma. Enfield waliacha mti uinuke kidogo juu ya chuma panapokutana. Mimi niliukwangua mpaka ukawa chini yake, na muhuri wa duara uliogongwa ubavuni mwa kitako, ambao ungethibitisha ulikotoka, ukaondoka na unga wa mbao.

Hapo ndipo nilipoelewa anachonunua mkusanyaji. Martini si adimu. Zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu baada ya Waingereza kuipokea mwaka 1871, na mwaka 2003 ghala la kifalme la Nepal lilifunguliwa, maelfu zikapelekwa Marekani kuuzwa. Kilicho adimu ni ile ambayo haijaguswa. Kila mwaka fundi mmoja kama mimi anaiharibu nyingine, na hakuna anayeweza kurudisha chuma kilichokwanguliwa. Ukiitia weusi upya vizuri kabisa, bado utakuwa na bunduki mpya yenye umbo la zamani.

Uadimu nao una mitego. Snider, bunduki ya Waingereza iliyotangulia Martini, ni ya kawaida, lakini ukiwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba hiyo uliyoishika ni miongoni mwa zile ambazo Lugard, kapteni wa kampuni ya Waingereza, aliwapa Waprotestanti wa Mengo, makao ya Kabaka, mwaka 1892, bei inabadilika. Bila karatasi, hadithi ya familia ni hadithi tu, na kila familia inayo. Upande wa pili kuna nakala za Martini zilizoundwa kwa mkono mpakani mwa Afghanistan na Pakistan: chapa zake mara nyingi zina N iliyopinduka, au V.R. pamoja na mwaka wa baada ya 1901, wakati Malkia Victoria alikuwa ameshakufa. Mwaka uliosomeka vizuri kwenye ile ya mzee ungesaidia kupunguza shaka hiyo. Niliufuta mimi.

Siku hizi nikiletewa ya zamani, baada ya kuhakikisha haina risasi, natofautisha kwanza kutu mbili. Ya kahawia iliyokolea, isiyoacha unga kidoleni, naiacha. Hiyo ni ngozi yake. Nyekundu inayoacha unga ndiyo inayoendelea kula, basi naipaka mafuta mepesi, naiacha siku kadhaa, nafuta kwa kitambaa cha pamba. Ikikaidi naikwangua polepole kwa kipande cha shaba, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki. Skrubu siifungui bila bisibisi inayojaa ufa wake. Mti naufuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kitani, basi. Vanishi sitaki hata kuiona.

Mzee hakumuuzia yule mtu. Martini iko sebuleni kwake, inang'aa kama sufuria mpya, na wageni wote huisifu.